Kupiga marufuku ni rahisi, kuthibitisha je? Kisa cha Stack Overflow na majibu ya mashine

ChatGPT ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Siku tano baadaye, tarehe 5 Desemba, wasimamizi wa Stack Overflow walitangaza kwamba ni marufuku kubandika humo majibu yaliyotungwa na mashine hiyo. Stack Overflow ni mtandao wa maswali na majibu ya waandishi wa programu za kompyuta, ulioanza mwaka 2008, na wasimamizi wake ni watu wa kujitolea wanaochaguliwa kwa kura na wachangiaji wenzao. Tangazo lenyewe waliliita sera ya muda.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ndani ya miezi tisa kilipitia hatua zote ambazo jukwaa lolote litapitia: mafuriko, marufuku, malalamiko, ugomvi kuhusu ushahidi, mgomo na maafikiano. Na karibu ugomvi wote ulizaliwa na neno moja lililokuwa ndani ya tangazo la kwanza.

Tuanze na sababu walizotoa. Hawakusema kwamba maandishi ya mashine ni haramu kwa asili yake. Walisema kwamba wastani wa majibu sahihi ulikuwa mdogo mno, kwamba majibu mabovu yalionekana mazuri kwa macho, na kwamba kuyatengeneza kulikuwa rahisi sana. Majibu ya namna hiyo yalikuwa yamefika maelfu. Kila moja lilihitaji mtu mwenye ujuzi wa jambo husika alisome kwa makini ndipo agundue kwamba limekosea.

Uzito wa hoja hii uko kwenye gharama. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kuandika jibu baya lenye aya nne, mfano wa msimbo na maelezo yaliyopangika alilazimika kutumia nusu saa au zaidi. Wavivu waliandika majibu mafupi na ya hovyo, na ya hovyo hujitambulisha yenyewe. Hivyo msomaji aliyeona jibu refu, safi, lenye mifano, alikuwa na haki ya kudhani kwamba aliyeliandika amejishughulisha. Mfumo mzima wa kura za wasomaji, zinazopandisha majibu mazuri na kushusha mabaya, ulisimama juu ya dhana hiyo. Wapita njia walipiga kura kwa haraka, na kwa kawaida hawakupotea sana.

Mashine iliivunja dhana hiyo kwa siku chache. Jibu la dakika moja likawa linafanana na jibu la saa moja, lakini muda wa kulihakiki haukupungua hata kidogo. Pengine uliongezeka, kwa sababu kosa lilikuwa limezungukwa na sentensi nyingi zilizo sahihi. Mtu mmoja aliweza kuzalisha kwa asubuhi moja kazi ya uhakiki itakayowachosha watu kumi kwa wiki nzima. Kwa watu wanaofanya kazi bila malipo, maji yalikuwa yamezidi unga.

Utafiti uliokuja baadaye kutoka Chuo Kikuu cha Purdue ulionyesha kwamba wasimamizi hawakuwa wanakuza mambo. Watafiti walichukua maswali 517 ya Stack Overflow, wakayapatia majibu ya ChatGPT na kuyachambua. Asilimia 52 ya majibu hayo yalikuwa na taarifa zisizo sahihi. Asilimia 77 yalikuwa na maneno mengi kupita mahitaji. Watu walioshirikishwa kuyapima, pamoja na hayo, waliyapenda zaidi ya majibu ya binadamu katika asilimia 35 ya nafasi, na katika asilimia 39 ya nafasi hawakuliona kosa lililokuwamo. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayonikaa akilini. Kama wapimaji waliokaa chini kwa ajili ya kazi hiyo hawalioni kosa mara karibu nne katika kila kumi, kura ya mtu anayepita haiwezi kuwa chujio.

Kwa hiyo sidhani uamuzi wa kupiga marufuku ulikuwa na makosa. Makosa yalikuwa kwenye namna ya kuutekeleza. Tangazo lilisema kwamba mtu *akiaminika* kuwa ametumia ChatGPT baada ya sera kutoka, atachukuliwa hatua ili asiendelee, hata kama machapisho yake yangekubalika kwa vigezo vingine.

Akiaminika na nani? Kwa ushahidi gani? Tangazo halikusema. Katika wiki za kwanza pengo hilo halikuuma, kwa sababu waliokamatwa walikuwa wameacha nyayo wazi: akaunti mpya iliyobandika majibu kadhaa marefu kwa dakika chache, katika lugha za programu zisizohusiana, yote yakiwa na umbo lilelile. Hakuna aliyehitaji kifaa cha kumwambia. Lakini mafuriko ya namna hiyo hupungua yakishakemewa, na wanaobaki ni wale wa katikati, ambao nyayo zao si wazi. Hapo ndipo watu huanza kutafuta mashine ya kuwakamata wenye mashine.

Vigunduzi vya maandishi ya mashine vilikuwapo. Kimoja kilitolewa na kampuni ya OpenAI yenyewe, watengenezaji wa ChatGPT, tarehe 31 Januari 2023. Walikuwa wakweli kuhusu uwezo wake: katika majaribio yao kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kiliyasingizia maandishi ya binadamu kwa asilimia 9. Asilimia 9 inasikika ndogo. Tuihesabu kama msimamizi angeihesabu.

Tuseme yameingia majibu 1,000, na kati yake 100 ni ya mashine. Kigunduzi kitayakamata 26. Yaliyobaki ni 900 ya binadamu, na asilimia 9 ya hayo ni 81. Msimamizi anayekiamini kifaa hiki ataletewa majina 107, na 81 kati ya hayo ni ya watu wasio na kosa. Katika kila wanne watakaoitwa kujibu, watatu wamesingiziwa. Na wakati huohuo majibu 74 ya mashine yamepita bila kuguswa. Hesabu hii huwa mbaya zaidi kadiri maandishi ya mashine yanavyokuwa machache, maana wasio na hatia ndio wengi wa kukosewa. Kigunduzi hicho kiliondolewa tarehe 20 Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo.

Tena wanaosingiziwa hawapatikani kwa bahati nasibu. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vigunduzi saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, yaani insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilitajwa kuwa kazi ya mashine. Sababu inaeleweka ukijua vigunduzi vinapima nini: vinaangalia jinsi neno linalofuata lilivyo rahisi kubashiriwa. Mtu aliyejifunza lugha darasani hutumia maneno ya kawaida katika mpangilio wa kawaida, na sentensi zake hubashirika kwa urahisi. Ni yuleyule mchangiaji makini, aliyeandika kwa shida na kusahihisha mara tatu, anayeambiwa kwamba hakuandika. Kwangu hilo ni dhuluma ambayo hakuna faida ya usafi wa jukwaa inayoweza kuilipia.

Basi wenye kampuni ya Stack Overflow walipoingilia mwishoni mwa Mei 2023, walikuwa na hoja. Walisema vigunduzi haviaminiki na kwamba watu wasio na kosa walikuwa wanafungiwa akaunti. Wasimamizi nao walijibu kwamba hawakuwa wanaamua kwa vigunduzi peke yake. Lakini maelekezo waliyopewa yalipeleka kiwango cha ushahidi juu kiasi kwamba, kwa kauli ya wasimamizi, kilichobaki ni kuacha kabisa kushughulikia machapisho ya mashine isipokuwa katika nafasi finyu mno. Zaidi ya hapo, maelekezo ya ndani hayakulingana na maelezo yaliyotolewa kwa umma. Msimamizi alitakiwa kutekeleza kanuni ambayo hakuruhusiwa kuieleza jinsi ilivyo, mbele ya wachangiaji wanaosoma toleo jingine.

Tarehe 5 Juni 2023 mgomo ulianza. Wasimamizi na wachangiaji waliotia saini waliacha kushughulikia ripoti za machapisho mabaya, na hata roboti ya wanajamii iliyokuwa ikikamata matangazo ya takataka ilizimwa. Ulidumu hadi Agosti.

Tukizitazama pande mbili kwa utulivu, tunaona kila moja ilikuwa imeshika nusu ya kweli. Kampuni ilitaka ushahidi unaokaribia uhakika, na uhakika huo haupo: maandishi hayana alama ya damu ya aliyeyaandika. Sera ya Desemba nayo iliridhika na imani, na imani ya msimamizi aliyechoka saa tano usiku si ushahidi. Kilichovunja mkwamo katika maafikiano ya Agosti ni orodha ya dalili iliyopitiwa kwa pamoja, ambayo msimamizi angeweza kuitegemea katika kuchukua hatua, pamoja na ahadi ya kampuni kuwashirikisha wasimamizi kabla ya kubadilisha sera za namna hiyo. Marufuku yenyewe haikuondolewa. Kilichobadilika ni kwamba neno "akiaminika" lilipewa maana.

Sasa tuone dalili zinavyofanya kazi mkononi mwa msimamizi. Nitatumia akaunti mbili za kubuni.

Akaunti ya kwanza ina miaka mitatu na imewahi kuandika majibu manne, mafupi, bila herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi. Leo imebandika majibu kumi na manne ndani ya dakika sabini, katika lugha tano za programu. Kila jibu linaanza kwa kulirudia swali kwa maneno mengine na kumalizika kwa ushauri wa jumla. Katika mawili, msimbo unaita amri ambayo haimo kabisa katika maktaba ya programu iliyotajwa. Msimamizi haanzi na swali la nani aliyeandika. Anaanza na zile amri mbili: anafungua nyaraka za maktaba, hazimo, na mtu yeyote anaweza kufungua ukurasa uleule akathibitisha. Kisha anaangalia kasi. Majibu kumi na manne kwa dakika sabini ni dakika tano kwa kila moja, na hapo ni kusoma swali, kufikiri, kuandika maneno mia nne na kujaribu msimbo. Mwisho analinganisha na maandishi ya zamani ya mtu huyohuyo. Dalili hii ya tatu ni dhaifu ikiwa peke yake, kwa kuwa watu hubadilika, lakini hapa haiko peke yake.

Hatua yake ni kuyaondoa majibu hayo kumi na manne na kumwandikia mwenye akaunti. Hamfungii. Ninaamini hapa ndipo kanuni nyingi hukosea: zinaunganisha kufuta chapisho na kumwadhibu mtu, kana kwamba ni kitu kimoja. Chapisho likifutwa kimakosa hurudishwa kwa kubonyeza mara moja, na hasara ni ndogo. Mtu akifungiwa kimakosa huondoka, tena huondoka akiwa ameitwa mwongo hadharani. Basi dalili zinazotosha kwa la kwanza zisichukuliwe kuwa zinatosha kwa la pili. Kufungia kungoje arudie baada ya kuonywa, kwa sababu hapo hata ushahidi umebadilika: sasa anajua kanuni, na namna anavyoandika baada ya onyo ni dalili mpya.

Maneno ya ujumbe nayo ni sehemu ya kanuni. Ukimwandikia mtu "umetumia mashine", umemtaka akiri au akane, na akikana hamna pa kwenda. Ukimwandikia kwamba majibu yameondolewa kwa sababu amri mbili zilizotajwa hazipo na kasi yake haionyeshi kwamba msimbo ulijaribiwa, kisha ukamwomba aeleze aliujaribu kwenye toleo gani na ulitoa matokeo gani, umempa swali ambalo mwandishi wa kweli hulijibu kwa sentensi mbili. Aliyebandika bila kusoma hana la kusema. Rufaa yake isomwe na msimamizi mwingine, asiyehusika na uamuzi wa kwanza.

Akaunti ya pili huandika jibu moja kwa wiki. Lugha ni safi mno, sentensi zimesawazishwa, na mtu mmoja ameliripoti jibu lake akisema kigunduzi kimeonyesha uwezekano wa asilimia 90 kwamba ni la mashine. Ndani ya jibu kuna matokeo aliyoyapata mwandishi kwenye kompyuta yake, pamoja na ujumbe wa hitilafu aliokutana nao kabla ya kurekebisha. Msimbo unafanya kazi. Inawezekana kabisa ameandika kwa lugha yake kisha akaomba mashine imsahihishie Kiingereza. Katika kisa hiki msimamizi aiache akaunti hiyo na aifunge ripoti. Sera ya Desemba, ikisomwa neno kwa neno, ingemruhusu kumwadhibu, kwa kuwa ilisema hata machapisho yanayokubalika. Kwa maoni yangu kipande hicho hakikuwa na haja ya kuwamo. Madhara yaliyoisukuma marufuku, yaani wingi wa makosa yasiyohakikiwa, hayamo hapa.

Wikipedia ya Kiingereza ilifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwezi Agosti 2025 wahariri wake waliongeza kigezo cha kufuta kurasa haraka, kinachojulikana kama G15. Hakimruhusu msimamizi kufuta ukurasa kwa sababu tu unanukia mashine. Kinataka dalili kwamba hakuna binadamu aliyeusoma kabla ya kuubandika: maneno ambayo mashine ilikuwa ikimwambia mtumiaji wake, kwa mfano "hii hapa makala uliyoomba", au rejea za vitabu na tovuti ambazo hazipo. Mbali na kigezo hicho, wahariri wamekusanya hadharani orodha ndefu ya dalili za uandishi wa mashine, na humo mna hata kipande cha anwani kama `utm_source=chatgpt.com` kinachobaki kwenye viungo vilivyonakiliwa bila kutazamwa. Orodha hiyo humwelekeza mhariri mahali pa kuchunguza. Ufutaji wa haraka unahitaji zaidi ya hapo.

Napenda mpaka huo, kwa sababu unahamisha swali. Badala ya kuuliza nani ameandika, jambo lisilothibitika, unauliza kama aliyebandika amesoma alichobandika. Hilo mara nyingi linathibitika. Rejea isiyokuwapo haina utetezi mzuri: hata aliyeiandika kwa mkono wake amefanya kosa lilelile.

Kuna hoja ya haki dhidi ya kuweka dalili hadharani, nayo ni kwamba wakwepaji watazisoma na kuzifuta. Ni kweli kwa dalili za mtindo, kama msamiati fulani au alama za uandishi. Si kweli sana kwa kasi na kwa vitu visivyokuwapo. Mtu anayepunguza kasi na kuhakiki kila amri kabla ya kubandika, ili tu asikamatwe, amekwisha kufanya kazi ambayo kanuni ilimtaka aifanye. Kwa hiyo ningetangaza dalili hizi za pili bila wasiwasi, na za mtindo ningezibakiza kuwa msaada wa kuchagua kipi kisomwe kwanza.

Kanuni ya namna hii ina mwisho wa uwezo wake. Aprili 2025 ilifahamika kwamba watafiti wanaohusiana na Chuo Kikuu cha Zurich walikuwa wameingiza akaunti za akili mnemba katika r/changemyview, jukwaa la mijadala ndani ya Reddit, na kwa miezi kadhaa akaunti hizo zikaandika maoni zaidi ya 1,700. Jukwaa hilo lilikuwa na kanuni inayokataza maandishi ya mashine yasiyotajwa. Wasimamizi walikuja kujua kwa kuelezwa na watafiti wenyewe. Katika mjadala wa maoni hakuna amri ya kuitafuta katika nyaraka, na mtu anayesimulia maisha ya kubuni haachi rejea ya kukagua. Aliyeamua kudanganya kwa subira, akiandika kidogo kidogo kwa akaunti nyingi, hatakamatwa kwa kusomwa.

Katika majukwaa kama hayo ningeibakiza kanuni ya kutaja matumizi ya mashine, nikijua kwamba haikamati. Kazi yake ni nyingine: mdanganyifu akija kujulikana kwa njia yoyote, iwe kwa kukiri kwake au kwa kumbukumbu za mfumo, maoni yake yanaweza kuondolewa na akaunti zikafungwa bila mabishano mapya kuhusu kama alichofanya kilikatazwa. Wasimamizi wa r/changemyview walipopeleka malalamiko rasmi chuoni, kanuni yao ilikuwa imeandikwa kabla.